Miguu ya buibui ndani ya mfupa

"Shikamoo mwalimu. Nasoma utabibu, mwaka wa pili. Kwenye praktiko ya histolojia tumepewa slaidi mbili za mfupa mgumu. Ya kwanza ina miduara kama pete za kitunguu, na madoa meusi yenye miguu mingi kama buibui. Ya pili ni ya pinki na madoa yake hayana miguu kabisa, lakini tunaambiwa ni mfupa uleule. Halafu kitabu kinasema seli zimefukiwa ndani ya chumvi ya kalsiamu ngumu kama jiwe. Chakula kinazifikiaje? Na kama damu ipo kwenye tundu la katikati tu, ile seli ya pembeni kabisa inaishije?"

Marahaba. Tuanze na hiyo miguu ya buibui, maana chakula unachokiulizia kinapita humo humo. Ila kwanza ujue unachokitazama, kwa sababu slaidi zako mbili zimetengenezwa kwa njia mbili zinazopingana, na kila moja inakuficha kitu ambacho nyingine inakionyesha.

Slaidi ya kwanza ni ya mfupa uliosagwa. Mtu alichukua mfupa mkavu, akakata kipande chembamba kwa msumeno wa meno madogo, kisha akakisugua juu ya msasa, mwanzoni wenye chembe kubwa na baadaye laini, mpaka kikabaki na unene wa maikromita 50 hivi. Maikromita 1000 ni milimita moja, kwa hiyo kipande hicho ni chembamba kuliko unywele wa kawaida. Katika kazi hiyo yote hakuna seli iliyosalimika. Zilioza au zikakauka zamani, na kilichobaki ni nyumba zake tupu. Nyumba hizo zimejaa hewa, na hewa iliyonaswa ndani ya kitu kigumu chenye kung'aa huipindisha taa ya hadubini kiasi kwamba haifiki machoni mwako. Ndiyo maana unaona weusi. Doa jeusi ni chumba cha seli, kinachoitwa lakuna, na miguu ni vifereji vyembamba vinavyotoka kwenye chumba hicho. Wanafunzi wengi huandika kwenye mtihani kwamba doa lile ni osteosaiti, yaani seli yenyewe ya mfupa. Si kweli. Ni mahali ambapo osteosaiti iliishi.

Slaidi ya pili imepitia njia nyingine. Mfupa mbichi ulihifadhiwa kwenye fomalini ili seli zisioze, kisha ukatolewa kalsiamu kwa asidi au kwa EDTA, dawa inayoinasa kalsiamu, mpaka ukalainika na kukatika kwa kisu cha maikrotomu, halafu ukapakwa rangi ya hematoksilini na eosini. Ukitaka kuelewa kinachotokea hapo, loweka mfupa wa kuku kwenye siki kwa siku chache. Utaweza kuupinda kwa vidole, maana chumvi imetoka na kolajeni peke yake ndiyo imebaki. Kwenye slaidi ya namna hii seli ipo, na kiini chake kinaonekana kikiwa cha zambarau. Lakini vifereji havina hewa tena. Vimejaa dawa za kuandalia slaidi, na upana wake ni robo au theluthi ya maikromita tu. Rangi ya pinki inavifunika, na macho hayavioni. Miguu haikukatwa. Ipo, ila haina kitu cha kuitofautisha na mfupa unaoizunguka. Iko rangi maalumu ya kuidhihirisha, yenye thionini na asidi pikriki, lakini maabara nyingi za kufundishia hazina.

Hata slaidi iliyosagwa inaweza kupoteza miguu. Ikiwa aliyeiandaa alitumia gundi nyepesi ya kufunikia, gundi huingia taratibu kwenye vifereji, inaisukuma hewa nje, na baada ya miezi buibui wote wanafifia, kuanzia ukingoni mwa kipande kuelekea katikati. Mafundi wa zamani walitumia balsamu nzito iliyoyeyushwa kwa moto, wakaipoza haraka, ili igande kabla haijapenya. Ukikuta slaidi ya kusagwa yenye madoa ya kijivu yasiyo na miguu, usiilaumu hadubini. Sogeza slaidi utafute eneo ambalo bado lina hewa, kisha ubane kiwambo cha chini ya meza ya hadubini ili mwanga upungue. Miguu itajitokeza.

Sasa tuingie kwenye mduara mmoja. Chagua ulio mzima, usiokatwa na mwingine, na uutazame kwa lenzi ya 10 kwanza, halafu ya 40. Huo ni osteoni. Kwa umbo lake halisi si mduara, ni nguzo ndefu ya milimita kadhaa inayofuata urefu wa mfupa, na wewe unaiona imekatwa kwa kukingama, kama unavyouona muwa uliokatwa vipande. Upana wake ni maikromita 200 hadi 250 hivi. Katikati kuna tundu la maikromita 50 hivi, ndio mfereji wa kati, unaoitwa pia mfereji wa Havers kwa jina la tabibu Mwingereza Clopton Havers, aliyeuelezea mwaka 1691. Yeye aliamini kwamba njia hizo hupitisha mafuta ya uboho. Leo tunajua kwamba ndani yake kuna kapilari moja au mbili, uzi wa neva, na seli chache zilizotandaza ukuta. Kwenye slaidi ya kusagwa mfereji unaonekana mtupu, au umejaa vumbi jeusi la msasa. Kwenye ile ya pinki unaweza kubahatika kuona chembe nyekundu za damu ndani yake.

Kuuzunguka mfereji kuna matabaka ya mfupa, moja juu ya jingine, kila moja likiwa na unene wa maikromita 3 hadi 7. Nyuzi za kolajeni hubadili mwelekeo kutoka tabaka hadi tabaka, na ndiyo sababu mipaka yake inaonekana. Vyumba vya osteosaiti vimejipanga kati ya matabaka hayo, vimelala kwa kuufuata mviringo. Na hapo ndipo panapostahili kutazamwa kwa utulivu: miguu haifuati mviringo. Mingi imeelekea kwenye tundu la katikati au upande wa nje, ikiyakata matabaka kwa pembe mraba, kama tindi za gurudumu la baiskeli. Fuata mguu mmoja polepole, ukicheza na skrubu ndogo ya kulenga, kwa sababu mguu huzama na kuibuka ndani ya unene wa kipande. Mara nyingi utauona ukikutana na mguu wa doa jirani. Mguu wa doa lililo karibu na tundu unafunguka ndani ya tundu lenyewe.

Hebu tupime safari. Chukua osteoni yenye upana wa maikromita 250 na mfereji wa 50. Toa 50 kwenye 250, zinabaki 200, gawanya kwa pande mbili: ukuta una unene wa maikromita 100. Ukihesabu vyumba kwenye mstari ulionyooka kutoka tundu hadi ukingo, utapata safu nne au tano. Basi ile seli ya pembeni unayoihurumia haiko mbali na damu hata milimita moja. Iko sehemu moja ya kumi ya milimita kutoka kwenye mfereji, na kati yake na damu kuna majirani watatu au wanne.

Umbali huo ni mdogo, lakini ndani ya mfupa wenye madini hakuna kinachopenya kwa kasi ya maana. Gegedu halina mishipa ya damu, na seli zake zinaishi kwa sababu glukosi na oksijeni vinasafiri ndani ya jeli yake yenye maji mengi. Mfupa hauna jeli hiyo. Nafasi kati ya nyuzi zake imejazwa fuwele za kalsiamu na fosfati, na maji kidogo yaliyomo yamebanwa mno. Ungeziba vifereji, seli iliyo umbali wa maikromita 100 ingekufa njaa huku kapilari iko karibu yake kuliko unene wa kucha yako. Kwa hiyo vifereji ndivyo vinavyoilisha, na kila osteosaiti ina vingi: nyuzi zake zinazoingia humo huwa kati ya 40 na 100.

Ndani ya kifereji kimoja kuna njia mbili, na ningependa uzione zote mbili kichwani maana kitabu mara nyingi hutaja moja tu. Kifereji hakikujazwa na uzi wa seli. Uzi unapita katikati, na pembeni yake pameachwa nafasi ya nanomita 50 hadi 100 hivi yenye majimaji. Njia ya kwanza ni majimaji hayo. Glukosi inatoka kwenye kapilari, inaingia kwenye majimaji ya mfereji wa kati, inapita kati ya seli bapa zilizotandaza ukuta, inaingia mdomo wa kifereji na kwenda nje ikiuzunguka uzi wa seli, inafika kwenye chumba cha kwanza, inazunguka mwili wa seli, na inaendelea na kifereji cha upande wa pili. Njia ya pili iko ndani ya seli zenyewe. Pale nyuzi za majirani zinapogusana kuna vitundu vidogo vya protini iitwayo koneksini 43, vinavyounganisha ndani ya seli moja na ndani ya nyingine. Molekuli ndogo, zisizozidi uzito wa daltoni 1000 hivi, hupita humo. Glukosi ina 180, kwa hiyo inapita bila shida. Ni kama watu waliojipanga kutoka kisimani hadi kwenye nyumba inayojengwa wakipokezana ndoo. Hakuna anayetembea, lakini maji yanafika. Albumini, yenye zaidi ya 60,000, haipiti njia hii kamwe.

Je, glukosi ikiachwa isambae yenyewe, itachukua muda gani kusafiri maikromita 100? Ndani ya maji matupu ni kama sekunde 10, au pungufu. Hiyo si muda mrefu hata kidogo, na kwa hiyo usimwamini anayekuambia kwamba bila mtu kutembea osteosaiti zake hazipati glukosi kabisa. Ndani ya kifereji mambo ni ya polepole zaidi, kwa kuwa nafasi ile ya majimaji imevukwa na nyuzi laini za protini na sukari zinazoushikilia uzi wa seli kwenye ukuta, na kila jirani njiani anachukua chake. Lakini bado molekuli ndogo hufika. Ugumu unakuja kwenye molekuli kubwa. Majaribio ya kuingiza protini zinazoweza kuonekana chini ya hadubini ya elektroni yameonyesha kwamba protini yenye upana wa nanomita 6 hivi hupenya hadi kwenye vyumba vya osteosaiti, lakini ferritini, yenye nanomita 10 hadi 12, hubaki nje. Nyuzi zile hufanya kazi ya chekecheke.

Kwa molekuli kubwa zinazopenya ndipo mzigo unaposaidia. Mwaka 1977 Piekarski na Munro walitoa hoja katika jarida la Nature kwamba mfupa ukibebeshwa uzito hujisukumia majimaji wenyewe. Unapokanyaga chini, mfupa wa muundi unapinda kidogo sana, kwa kutembea kawaida chini ya sehemu moja ya elfu ya urefu wake. Upande unaobanwa hukamua majimaji ya vifereji kuelekea kwenye mfereji wa kati. Ukiinua mguu, majimaji yanarudi ndani, yakiwa yamechanganyika na yale mapya ya karibu na damu. Fikiria mtu anayekamua tui kwa kifumbu: anabana, anaachia, anaongeza maji, anabana tena. Tofauti ni kwamba hapa majimaji yanasogea kidogo sana kila mara, mara maelfu kwa siku. Seli huitambua misukumo hiyo pia, kwa sababu majimaji yanavuta zile nyuzi zinazoushikilia uzi wake. Ikipungua, kama kwa mgonjwa aliyelala kitandani wiki nyingi, osteosaiti hutoa ishara na mfupa unaanza kupunguzwa. Hilo lina marefu yake, nisikutoe kwenye swali.

Uliuliza pia, ingawa si kwa maneno hayo, njia hizi zilichimbwa na nani ndani ya jiwe. Hazikuchimbwa. Osteoni huanza kama handaki. Kundi la osteoklasti linatangulia likila mfupa wa zamani na kuacha shimo la upana wa maikromita 200 na zaidi, huku kapilari ikifuata nyuma. Kisha osteoblasti zinajipanga kwenye ukuta wa handaki na kulijaza kutoka nje kuja ndani, kwa kiasi cha maikromita 1 hivi kwa siku. Ukuta wetu wa maikromita 100 ungechukua siku 100, yaani miezi mitatu na ushee. Baadhi ya osteoblasti hazirudi nyuma pamoja na wenzake. Zinabaki zimezungukwa na mfupa laini ambao bado haujapata chumvi, lakini kabla haujaganda zimeshanyoosha nyuzi zake kuelekea kwa wenzake walioko karibu na damu. Mfupa unaganda ukizizunguka nyuzi hizo, kama fundi anavyopitisha mabomba kabla ya kumwaga zege. Kwa hiyo seli ya pembeni kabisa ndiyo iliyofukiwa kwanza, na safu ya karibu na tundu ndiyo changa. Ujenzi husimama mfereji ukibaki na nafasi ya kapilari. Unapoona osteoni yenye tundu pana isivyo kawaida na matabaka machache, huenda umeikuta bado inajengwa.

Sasa tazama ukingo wa nje wa osteoni yako. Kuna mstari mwembamba unaong'aa, usio laini sana, unaoitwa mstari wa saruji. Huo ndio ukingo wa lile handaki la zamani. Fuata miguu ya buibui wa safu ya mwisho na utaona kitu cha kushangaza: mingi inaukaribia mstari huo kisha inapinda na kurudi ndani. Inayovuka ni michache. Maana yake ni kwamba osteoni kwa kiasi kikubwa hula chakula chake chenyewe, haimpi jirani wa nje.

Na jirani huyo yupo. Kati ya osteoni moja na nyingine utaona vipande vya matabaka vyenye umbo la pembetatu au mwezi mchanga, visivyo na tundu. Hivyo ni mabaki ya osteoni za zamani zilizokatwa na mahandaki mapya. Vina vyumba vya seli vyenye miguu, lakini mfereji wao uliliwa zamani au uko upande usiofikika. Hapa ndipo palipo na njaa halisi kwenye mfupa mgumu. Mwaka 1960 Harold Frost, aliyechunguza mifupa ya binadamu, alionyesha kwamba osteosaiti zilizokufa huongezeka kadiri umri unavyosonga, hasa kwenye mabaki haya, na kwamba vyumba vyake na vifereji huja kujazwa madini. Kwenye slaidi ya kusagwa, chumba kilichojazwa madini hakina hewa, kwa hiyo hakionekani cheusi. Unaona eneo tupu lenye kung'aa mahali ulipotarajia buibui. Ukikutana nalo kati ya osteoni mbili, huku osteoni zenyewe zina buibui wazi, ujue si gundi iliyoharibu slaidi.

Damu ya mifereji ya kati inatoka wapi? Mifereji hiyo imeunganishwa na mingine inayopita kwa kukingama, mifereji ya Volkmann. Utaitambua kwa jambo moja: haina pete zake. Inayakata matabaka ya osteoni bila kuyaheshimu, kama njia ya mkato inavyokata mashamba. Kwenye mfupa mrefu, takriban theluthi mbili za ndani za ukuta hupata damu kutoka kwenye ateri iliyoingia uboho, na theluthi ya nje hutegemea zaidi periosti, ule utando mgumu unaofunika mfupa, hasa panaposhikamana na misuli. Jambo hili linakuwa na maana siku mgonjwa anapokuja.

Nikupe mfano ambao sisi wa patholojia hukutana nao sana. Mtoto wa miaka minane au tisa, homa wiki tatu, muundi umevimba, usaha. Ni osteomailaitisi, maambukizi ya mfupa. Usaha unaanzia ndani, karibu na ncha ya mfupa, shinikizo linapanda, na mishipa ya uboho inaziba kwa damu iliyoganda. Usaha unatafuta njia kupitia mifereji ileile ya Volkmann na ya kati, unafika nje na kuubandua periosti kutoka kwenye mfupa. Hapo kipande cha ukuta kimenyang'anywa damu pande zote mbili. Hakuna kifereji cha kukiokoa, kwa kuwa vifereji hugawa tu kile ambacho mfereji wa kati umepokea. Baada ya wiki kadhaa daktari wa upasuaji anatoa kipande cheupe, kigumu, kisichotoa damu, na kinakuja maabara kwenye kopo la fomalini.

Chini ya hadubini usanifu wote upo. Osteoni zipo, matabaka yapo, mistari ya saruji ipo. Lakini vyumba ni vitupu, kimoja baada ya kingine, osteoni nzima na ya jirani yake, na mifereji ya kati ina usaha au haina kitu. Kwa mfupa uliokufa namna hiyo sihitaji kuwa na shaka. Chumba kimoja kitupu hakisemi lolote, maana kisu kinaweza kupita kwenye ukingo wa chumba bila kugusa kiini, na hata mfupa mzima huwa na vitupu vichache. Kinachosema ni eneo zima. Muda nao uzingatie: baada ya damu kukatika, viini hufifia polepole, na kutoweka kabisa kunaweza kuchukua wiki mbili hadi nne. Kipande kilichotolewa siku ya tatu kinaweza kuonekana kizima wakati seli zake zimeshakufa.

Nilipokuwa naanza kazi nilikaribia kuandika jibu baya kwa sababu ya vyumba vitupu. Kipande kilikuwa cha mbavu, slaidi nzima ya pinki, hakuna kiini hata kimoja, nami nilishaandika neno "umekufa" kwenye rasimu. Mkubwa wangu aliivuta slaidi, akaisogeza hadi kwenye uboho, akaniuliza viini vya uboho viko wapi. Havikuwepo pia. Wala vya misuli iliyoshikamana pembeni. Kipande kilikuwa kimesahaulika kwenye asidi nitriki siku mbili zaidi ya zilizopangwa, na asidi hiyo huharibu viini visishike hematoksilini. Mfupa wa mgonjwa haukuwa na kosa. Tangu siku hiyo, kabla sijaangalia lakuna naangalia seli za jirani kwenye slaidi hiyohiyo: misuli, ukuta wa mishipa, osteoblasti. Zikiwa na viini vya zambarau safi huku osteosaiti hazina, basi naamini. Zote zikiwa zimepauka, naomba kipande kingine kitolewe kalsiamu kwa EDTA, hata kama itabidi kungoja wiki kadhaa, maana EDTA ni ya polepole lakini haiharibu viini kiasi hicho.

Jambo la mwisho, kama mnapanga kujisagia slaidi wenyewe kwa mfupa wa buchani. Mfupa wa paja wa ng'ombe mchanga mara nyingi hauna osteoni nyingi. Ng'ombe hukua haraka, na mfupa wake hujengwa kwa matabaka yaliyonyooka yenye mishipa katikati, ukaonekana kama ukuta wa matofali. Wanafunzi huhangaika kutafuta miduara ambayo haipo. Tafuteni mfupa wa ng'ombe mzee, na mkate kipande kutoka katikati ya shina, kwa kukingama kabisa. Mkikata kwa mshazari, pete zitakuwa mayai na hesabu yenu ya maikromita 100 itatoka kubwa kuliko ilivyo. Kateni na kipande kingine kwa urefu wa mfupa, mkiweke kando ya kile cha kwanza. Humo mifereji ya kati itaonekana kama mistari mirefu inayokwenda sambamba, na ile ya Volkmann kama vidaraja vifupi vinavyoiunganisha.